Kwa nini kiazi cha kuvumbika kina utamu kuliko cha kuchemsha



Mwezi uliopita kulikuwa na swali kutoka kwa mtoto mmoja wa darasa la tano. Alisema hivi: "Mwalimu, mama akitoa viazi shamba moja, siku moja, vingine akachemsha na vingine akavumbika jivuni, mbona vya jivuni vina utamu kama vimetiwa sukari?" Wenzake walicheka, lakini hakuna aliyekuwa na jibu. Mmoja alisema ni majivu ndiyo yanatia utamu. Mwingine alisema ni njaa, kwa sababu cha jivuni unakisubiri sana! Mimi nilisoma sayansi kidogo katika sekondari, basi niliona ni vizuri niandike jibu lote hapa, maana ni jambo ambalo linaanza jikoni kwa mama na linafika mpaka kwa mgonjwa wa kisukari.

Tuanze na kiazi kibichi. Ukikikata na kukitafuna, kina utamu kidogo tu, na mdomoni kinaacha kitu cheupe kama unga. Huo unga ndio wanga. Sehemu kubwa ya kiazi ni maji, kama theluthi mbili hivi, na katika ile inayobaki, wanga ndiyo nyingi kuliko vitu vyote. Sasa wanga ni kitu gani? Ni sukari, lakini ni sukari iliyofungwa. Fikiria shanga ndogo, kila shanga moja ni sukari, na shanga maelfu zimetungwa kwenye uzi mmoja mrefu. Ulimi hauwezi kuonja uzi mrefu hivyo. Ulimi unaonja shanga moja moja, au mbili mbili. Ndiyo maana unga wa muhogo au wa mahindi hauna utamu mdomoni, hata kama ndani yake sukari imejaa.

Nyuzi hizo ndani ya kiazi hazikukaa ovyo. Zimekunjwa na kubanwa katika chembe ndogo sana, ngumu, ambazo macho hayawezi kuziona moja moja. Chembe hiyo ni kama mpira wa kamba ambao watoto wanatengeneza kuchezea, ule unaokazwa mpaka kisu chenyewe hakiingii.

Kumbe ndani ya kiazi hicho hicho kuna mkasi. Wataalamu wanauita beta-amilasi, nao uko katika kundi la vitu vinavyoitwa vimeng'enya. Kimeng'enya ni kitu ambacho mwili wa mmea au wa mtu unakitengeneza ili kifanye kazi moja maalumu. Kazi ya huyu wetu ni kushika uzi wa wanga mwishoni na kukata shanga mbili mbili. Shanga mbili zikikatwa pamoja ni sukari inayoitwa maltosi. Utamu wake ni mdogo kuliko sukari ya dukani, lakini ikiwa nyingi unaisikia vizuri sana.

Mama wanaotengeneza kwete hapa Koboko na Arua wanamjua huyu mkasi hata kama hawajui jina lake. Wanaotesha ulezi, wanaukausha, wanausaga, unakuwa kimea. Kimea kikikutana na unga ulioiva, baada ya muda ule mchanganyiko unakuwa na utamu kabla haujawa pombe. Ni kazi ile ile, wanga inakatwa kuwa maltosi, na ndiyo maana maltosi wengine wanaiita sukari ya kimea. Kiazi kitamu chenyewe hakihitaji kuoteshwa. Mkasi wake tayari umo ndani tangu shambani, na ni mwingi.

Sasa mtu atauliza, kama mkasi umo na wanga imo, mbona kiazi kibichi hakina utamu huo? Jibu ni ule mpira wa kamba. Mkasi hauwezi kuingia. Mpaka moto uje.

Hapa ndipo penyewe, naomba msome polepole. Kiazi kikipata joto la nyuzi 60 hivi za sentigredi, zile chembe za wanga zinaanza kunywa maji ya kiazi chenyewe. Zinavimba, zinalegea, zinafunguka. Kuna aina za viazi ambazo chembe zake zinafunguka mapema na nyingine mpaka karibu nyuzi 75. Ni kama unga wa uji. Maji yakiwa ya vuguvugu unga unakaa chini, lakini joto likifika kiasi fulani uji unashika ghafla. Chembe zikifunguka, mkasi unapata njia, unaanza kukata haraka sana. Lakini mkasi nao ni kitu laini. Joto likizidi nyuzi 80 unaharibika, haufanyi kazi tena, kama ute wa yai ukishaiva haurudi kuwa maji. Kuna mwenzake mwingine katika kiazi ambaye anavumilia joto zaidi kidogo na anasaidia kuikata mikamba mirefu, lakini naye mwishoni anakufa.

Kwa hiyo kuna mlango mmoja mwembamba. Chini ya nyuzi 60 mkasi upo lakini wanga imefungwa. Juu ya nyuzi 80 wanga imefunguka lakini mkasi umekufa. Katikati hapo ndipo sukari inatengenezwa. Utamu wa kiazi chako unategemea jambo moja zaidi ya mengine, nalo ni dakika ngapi kimekaa katika mlango huo.

Tuhesabu. Ukimenya kiazi, ukakikata vipande vya unene wa sentimita 2 na kuvitupa ndani ya maji yanayochemka, joto linaingia upesi. Katikati ya kipande linapita kutoka nyuzi 60 mpaka 80 kwa muda wa dakika moja na nusu hivi. Pembeni ya kipande ni sekunde tu. Mkasi haujaanza kazi umekufa. Kiazi kizima chenye maganda, unene wa sentimita 6, katika maji hayo hayo, katikati yake kinapita mlangoni kwa dakika kama 10, ingawa karibu na ganda ni upesi zaidi. Lakini kiazi hicho hicho ukikivumbika katika majivu ya moto, joto linaingia taratibu, na nyama yake nyingi inaweza kukaa mlangoni nusu saa au zaidi. Ni kiazi kimoja, wanga moja, mkasi mmoja. Tofauti ni haraka ya moto.

Kuna sababu nyingine mbili ambazo zinasaidia, hizo nazitaja kwa kifupi. Kwenye sufuria, vipande vilivyomenywa vinatoa sukari yao kwenye maji, na maji hayo wengi wanamwaga. Yaonje siku moja kabla ya kumwaga. Jivuni ni kinyume, kiazi kinapoteza maji kwa mvuke, na sukari yote inabaki katika nyama iliyopungua, kwa hiyo unaisikia zaidi. Halafu karibu na ganda joto linakuwa kali mpaka sukari inaanza kuungua kidogo, na ile harufu nzuri inayowaita watoto wa jirani inatoka hapo.

Tulijaribu darasani, maana watoto hawaamini maneno tu. Tulichukua viazi vitatu vya shina moja, kila kimoja karibu gramu 250 kwa mizani ya mama anayeuza samaki. Kimoja tulikata vipande tukatia katika maji yanayochemka. Cha pili tuliweka kizima na maganda yake katika maji baridi, kwenye sigiri yenye makaa machache. Cha tatu tulivumbika. Vipande viliiva kwanza. Cha maji baridi kilichukua kama saa nzima. Cha jivuni kilichukua saa moja na robo, na kilipotoka mizani ilisoma karibu gramu 200, yaani maji mengi yalikuwa yamekwenda. Watoto walifunga macho kwa kitambaa na kuonja. Hakuna aliyepotea, wote walikijua cha jivuni. Lakini kilichonifurahisha mimi ni kile cha pili, cha maji baridi na moto mdogo. Wengi walisema kinakaribia cha jivuni. Hiyo inaonyesha majivu hayana uchawi. Ni muda.

Kipimo cha joto hatukuwa nacho (kile cha kliniki mwisho wake ni nyuzi 42, kingepasuka), kwa hiyo tulitumia macho. Maji yakiwa na vipovu vidogo chini ya sufuria, mvuke unapanda, lakini hayajaanza kuruka, hapo yako karibu na mlango wetu au yamepita kidogo tu. Ukiweza kuyashikilia hapo nusu saa kwa kutoa makaa, halafu ndiyo uongeze moto viive kabisa, utapata viazi vya sufuria vyenye utamu ambao hukuuzoea.

Sasa namna ya kuvumbika, kwa wale ambao hawakukulia na mafiga. Si kutupa kiazi katika moto. Nimeona vijana barabara ya Oraba wanaweka kiazi juu ya makaa mekundu. Baada ya dakika 20 nje ni mkaa mweusi, chini ya ganda ni chakula, katikati ni kigumu kama kilivyotoka shamba. Huo ni moto wa haraka, na nusu ya kiazi umeitupa.

Subiri uishe kupika posho na maharage ya jioni. Ndimi za moto zikilala, sukuma makaa pembeni. Weka viazi vizima, bila kumenya, juu ya udongo ule ambao umepata moto. Chagua vinavyolingana ukubwa, kama ngumi ya mtu mzima, ili viive pamoja. Funika kwa majivu ya moto unene wa vidole viwili au vitatu. Makaa yanawekwa juu ya majivu, siyo juu ya kiazi, maana majivu ndiyo yanapunguza kasi ya joto. Geuza mara moja baada ya nusu saa. Baada ya saa moja au saa moja na nusu, bonyeza kwa kijiti. Kikilegea mpaka katikati kimeiva. Ukiona maji mazito kama asali yametoka kwenye ufa wa ganda na kukauka meusi, hiyo ni sukari yenyewe. Hapo hata usionje, kazi imekubali.

Faida ya njia hii kwetu sisi ni kuni. Sote tunajua kuni zinatafutwa wapi na kwa shida gani, na maneno gani mama zetu wanasikia kwa wenyeji wakienda kuzikata. Kuvumbika kunatumia moto ambao ungekufa bure baada ya chakula. Lakini usiuache moto wazi usiku wa upepo, na nyumba zetu ni za nyasi, na mtoto mdogo asiachwe peke yake na jivu, kwa sababu jivu linaficha makaa.

Kuna jambo moja linaharibu, na mama wengi wanalijua bila kujua sababu yake. Moto ukizimika katikati, viazi vikapoa vikiwa havijaiva, ukiwasha tena vinakuwa vigumu na haviivi vizuri hata ukipika mpaka asubuhi. Wengine wanasema ni jicho baya. Si jicho. Kiazi kikikaa muda mrefu katika joto la nyuzi 50 mpaka 60, kimeng'enya kingine kabisa kinafanya kazi, kinaimarisha ile gundi ambayo inashikilia nyama ya kiazi pamoja, na gundi hiyo ikishashika hailegei tena kwa urahisi. Kwa hiyo polepole siyo baridi. Majivu yawe ya moto kweli, na joto lipande bila kurudi nyuma. Ukiona majivu yamepoa mapema, ongeza makaa juu hapo hapo, usingoje.

Na msitegemee kila kiazi kifanane. Hapa Uganda kituo cha utafiti cha Namulonge kimetoa aina nyingi, na jina NASPOT ambalo mnalisikia kwa wagawaji wa mbegu linatoka huko. NASPOT 1 ilitolewa mwaka 1999, ni yenye unga mwingi. Kakamega na Ejumula, za rangi ya machungwa, zilitolewa mwaka 2004. Mtafiti Robert Mwanga, Mganda aliyefanya kazi hiyo miaka mingi, alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016 pamoja na Maria Andrade, Jan Low na Howarth Bouis. Vile vyenye unga mwingi vina wanga nyingi ya kukatwa. Vya rangi ya machungwa mara nyingi vina maji zaidi, vikivumbikwa vinalegea sana kama uji mzito, na watoto wanavipenda hivyo. Duniani kuna hata aina chache ambazo karibu hazina mkasi kabisa. Hizo hata uzivumbike tangu magharibi mpaka jogoo awike, hazipati utamu. Muhogo ni hivyo pia. Weka muhogo na kiazi katika jivu moja, muhogo utaiva na kunukia vizuri, lakini utamu wa kiazi hautaupata. Wajapani nao wanaokea viazi vitamu juu ya mawe ya moto, polepole, na kuviuza barabarani wakati wa baridi. Hawana jivu letu, lakini wameufikia mlango ule ule.

Kiazi kilichotobolewa na fukusi ni habari nyingine. Uchungu wake unatoka kwa sumu ambayo kiazi kinaitengeneza kujikinga na mdudu, na moto hauiondoi, uwe wa haraka au wa polepole. Kata sehemu yote yenye giza na harufu, na kama imeenea, tupa. Usimpe hata mbuzi.

Nimeacha mwisho jambo la wagonjwa wa kisukari, lakini kwangu ndilo kubwa. Katika mtaa wetu yuko bibi mmoja ambaye kliniki walimwambia aache soda na sukari katika chai. Akaacha kweli, kwa uchungu mwingi. Badala yake kila jioni alikuwa anakula viazi viwili vya jivuni, akisema, "Hivi ni chakula cha Mungu, havina sukari ya dukani." Sasa ninyi mmeshasoma, mnajua ndani ya jivu kilifanyika nini. Ni sukari kweli, imetengenezwa pale pale. Vipimo vya wataalamu vimeonyesha kwamba kiazi kilichookwa kinapandisha sukari ya damu haraka kuliko kile kilichochemshwa.

Hatukumkataza viazi. Mjukuu wake, ambaye yuko katika darasa langu, ndiye alimweleza habari ya mkasi, na bibi alisikiliza sana kwa sababu yeye mwenyewe zamani alikuwa mtengeneza kwete. Sasa kiazi chake kinamenywa, kinakatwa vipande vidogo, na kutiwa katika maji ambayo tayari yanaruka, ili mkasi ufe upesi. Anakula kimoja, kwa kiasi alichoelezwa na mhudumu wa kliniki, pamoja na maharage na matembele. Vile vya jivuni wanakula wajukuu, au vinapondwa asubuhi ndani ya uji wa watoto, kiazi kimoja kwa vikombe vinne, na siku hiyo hakuna anayeulizia sukari.